"Neno Moja Tu, Dada": Tusikimbie, Tujibu

Makamanda, wengi mmeiona ile klipu. Niko kwenye mdahalo chuoni, maiki mkononi, na kaka wa upande wa pili ananikazia: "Dada, swali jepesi. Mwaka 1992, Watanzania walitaka mfumo wa vyama vingi? Neno moja tu. Ndiyo au hapana?" Mimi nikaanza: "Swali hilo ndugu yangu haliwezi kujibiwa kwa neno moja, kwa sababu lazima kwanza tuangalie..." Ukumbi ukaguna. Nikaendelea dakika nne nzima. Mtu nyuma akapiga kelele, "Jibu swali!" na watu wakacheka. Klipu inaishia hapo.

Tangu siku ile nimepokea ushauri wa aina mbili kutoka kwa watu wetu wenyewe, na yote miwili naipinga. Wa kwanza unasema nilikuwa sahihi kukataa, eti swali la mtego halijibiwi. Wa pili unasema ningejibu tu "Ndiyo!" kwa sauti kubwa, ukumbi ungeshangilia, basi. Wa kwanza ni woga uliovaa suti. Wa pili ni uongo.

Tuanze na huo uongo, maana ndio utatuumbua mapema zaidi.

Februari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikusanye maoni: tubaki na chama kimoja au tuingie vyama vingi? Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaufungua mjadala huo hadharani mwaka uliotangulia. Tume ikazunguka Bara na Zanzibar, ikasikiliza watu zaidi ya 36,000. Waliotaka chama kimoja kiendelee walikuwa asilimia 77.2. Waliotaka vyama vingi walikuwa asilimia 21.5. Hizo ndizo namba, na kaka yule alikuwa nazo kwenye simu yake. Ningesema "Ndiyo" angezisoma mbele ya ukumbi na mimi nisingekuwa na pa kujificha. Halafu angefika alikokuwa anakwenda tangu mwanzo: "Kwa hiyo vyama vingi mlipewa tu, hamkuviomba."

Sasa, je, "Hapana" ingetosha? Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. "Hapana" kwa hesabu ya vichwa ni kweli tupu. Lakini ukilisema na kunyamaza, msikilizaji anaondoka na picha ya nchi iliyokuwa imeridhika na chama kimoja, na picha hiyo si kweli. Maana ripoti hiyohiyo inaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wale asilimia 77.2 hawakusema "chama kimoja" wakaishia hapo. Walisema chama kimoja, ila kibadilishwe, na mabadiliko waliyoyataka hayakuwa ya kupaka rangi ukuta. Tume ilipoyapima iliona ni mambo ambayo mfumo wa chama kimoja usingeweza kuyabeba ukabaki kuwa mfumo wa chama kimoja. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya ipendekeze vyama vingi licha ya namba zile, na ikataja pia sheria arobaini za ukandamizaji zinazopaswa kufutwa au kurekebishwa. Katiba ikabadilishwa mwaka 1992, na kuanzia Julai 1 mwaka huo tukawa nchi ya vyama vingi.

Piga hesabu mwenyewe. Nusu ya 77.2 ni 38.6. Jumlisha na 21.5 unapata 60.1, na nimesema zaidi ya nusu, kwa hiyo ni juu ya hapo. Yaani watu walewale waliohesabiwa kuwa wengi wa "chama kimoja" ukiwauliza "mmeridhika na kilivyo?" unakuta wengi wa waliohojiwa hawajaridhika. Watu hawajabadilika, ni swali tu limebadilika.

Ndiyo maana mtu anaona raha kusema "haliwezi kujibiwa kwa neno moja." Kwenye semina, sawa. Lakini ukumbini sentensi hiyo inasikika kama "nimebanwa." Na tuwe wakweli, mara nyingi anayeisema kweli amebanwa. Mwananchi aliyetoka kazini akaja kukusikiliza hawezi kujua kama wewe ni mwangalifu au ni mkimbizi. Ameona umeombwa neno moja ukatoa mia nne.

Darasani tunafundishwa habari za shahidi kizimbani, na pale nimepata dawa. Kwenye maswali ya dodoso, wakili wa upande wa pili anaruhusiwa kumuuliza shahidi maswali ya kuongoza, yale ambayo jibu limeshawekwa ndani ya swali. Mfano wa siku zote: "Umeacha kumpiga mkeo?" Ukisema ndiyo, ulikuwa unampiga. Ukisema hapana, bado unampiga. Mawakili wanalipenda jambo hili na wanaongeza, "Ndiyo au hapana, shahidi!" Lakini Sheria ya Ushahidi ninavyoisoma haimfungi shahidi kwenye maneno hayo mawili. Inamtaka ajibu swali, na ajibu kweli. Baadaye wakili wake anapata nafasi ya kumuuliza tena ili kunyoosha kilichopindwa. Shahidi mzuri, kwa hiyo, hagombani na wakili wala hatoi hotuba. Anajibu kwa ufupi uleule alioombwa, ila neno analichagua yeye.

"Umeacha kumpiga mkeo?"

"Sikumpiga."

Neno moja. Na hapa sisi tuna bahati ambayo hatuitumii. Kitenzi cha Kiswahili ni mzigo mzima kwenye kikapu kimoja: sikumpiga lina mtenda, lina ukanushi, lina wakati uliopita, lina aliyetendwa na kitendo chenyewe. Ukiongeza ukali unasema "Sijawahi." Ukitaka kumchekesha hakimu, "Sikuanza." Yote ni neno moja, na yote yanaubomoa msingi wa swali bila kuonekana unakwepa. Aliyekuomba neno moja hawezi kulalamika, umempa.

Lakini angalieni, swali la 1992 si la aina hiyo. Lile la mke lina uongo uliofichwa ndani yake, kwa hiyo unaukanusha ukamaliza. Swali la kaka yule halina uongo ndani. Ubaya wake ni kwamba linawachukua watu waliogawanyika na kuwaita "Watanzania" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye mdomo mmoja. Hata kati ya Bara na Zanzibar majibu hayakufanana, maana Zanzibar waliotaka vyama vingi walikuwa wengi zaidi kwa uwiano. Kwa hiyo neno tunalolitafuta ni lile linalosema ni kiasi gani cha hao watu. "Ndiyo" na "hapana" hayabebi kiasi.

Nimekaa na maneno haya wiki nzima, nikiyajaribu moja moja kama mtu anayejaribu viatu. "Inategemea" nililitupa haraka. Si uongo, lakini lingefaa swali lolote duniani, na jibu linalofaa kila swali halijajibu hata moja. "Waligawanyika" ni bora kidogo, ila linamfanya mtu adhani ni nusu kwa nusu, na 77 kwa 21 si nusu kwa nusu hata ukilazimisha. "Hawakuridhika" nililipenda sana, tena nililiandika kwenye daftari kwa herufi kubwa. Nikalikataa vilevile, kwa sababu hakuniuliza kama waliridhika. Aliniuliza kama walitaka vyama vingi. Kujibu swali ambalo hukuulizwa ni ukwepaji uleule wa dakika nne, umefupishwa tu.

Nikabaki na hili: "Wachache."

Lipimeni. Ni neno moja. Linajibu alichouliza, na linakwenda sambamba na asilimia 21.5 bila kuongeza wala kupunguza. Halinipendelei, na hilo makamanda lisiwatishe: ukitoa neno linalokuuma wewe mwenyewe, ukumbi unajua huchezi. Lakini zuri lake kubwa ni kwamba linaacha mlango wazi. "Hapana" ni ukuta, mtu anapiga makofi na kukaa. "Wachache" linamlazimisha kila mwenye akili aulize: na wale wengine je? Akishauliza hivyo, ukweli uliobaki unakuja kwa swali lake yeye, si kwa hotuba yako.

Sasa kuna wajanja watakaoniuliza: vipi akikataa? Vipi akisema "Wachache sitaki, nimesema ndiyo au hapana, chagua"? Basi sema "Hapana." Ndiyo, mmesoma vizuri. Kati ya hayo mawili, hilo ndilo la kweli, na sisi si watu wa kusema uongo kwa sababu muulizaji amefunga madirisha. Ila usiseme "Hapana, lakini..." ukaanza tena safari ya dakika nne. Sema "Hapana" na ukae kimya, zamu yako ikirudi muulize yeye kwa masharti yake yaleyale: "Kaka, wale asilimia 77.2, wengi wao walitaka kibaki kama kilivyo? Neno moja." Ameifungua ripoti mwenyewe kwenye simu, hawezi kusema hajui. Shahidi ana wakili wa kumnyooshea mambo, wewe ukumbini unajinyooshea mwenyewe, kwa swali.

Kuna maswali ambayo hayana neno, nakiri. Ukiulizwa ni asilimia ngapi walijibu kwa hofu, ikizingatiwa kwamba walikuwa wanaulizwa na tume ya serikali ya chama hichohicho kimoja, neno la kweli ni "Sijui." Nalo ni neno moja. Wengi wetu hatujawahi kulitamka tukiwa na maiki mkononi.

Juzi jioni tulifanya mazoezi chumbani na rafiki yangu anayesoma uhasibu, hajali siasa hata kidogo. Nikampa karatasi yenye lile swali anisomee kwa ukali.

"Watanzania walitaka vyama vingi? Neno moja!"

"Wachache."

Akaangalia karatasi, hakuna kilichoandikwa chini yake. "Sasa hao wengine walikuwa wameridhika?"

"Baadhi."

"Baadhi?" Akaiweka karatasi kitandani. "Hebu kaa chini unieleze vizuri."