Msisifu Bitana Iliyonyooka

Ipo sifa moja ya koti ambayo mteja wa Kamina huitoa kwa sauti na fundi huipokea kichwa juu: "Tazama ndani, bitana imenyooka, hata mkunjo mmoja hakuna." Kwangu hilo ni tangazo la kasoro. Bitana iliyolala mgongoni sawasawa na kitambaa cha nje, bila rinda hata moja, imekatwa vibaya, na koti hilo litarudi kwa fundi kabla kiangazi hakijaisha.

Imani hii imetoka wapi si siri. Koti hukaguliwa likiwa mezani au limetundikwa, wala hakuna mtu ndani yake. Katika hali hiyo rinda refu katikati ya mgongo linafanana na kosa lililofichwa, na fundi anayeogopa maneno ya watu anaona heri alitoe. Anachukua karatasi ileile aliyokatia kitambaa cha nje, anailaza juu ya bitana, anakata, kazi imekwisha. Wengine huongeza chumvi: bitana ipunguzwe kidogo, maana iko ndani, na cha ndani lazima kiwe kidogo kuliko kinachokibeba. Hoja hiyo ingefaa kwa masanduku. Sanduku halikunji mikono.

Mtu hukunja. Mfungeni futi mgongoni kutoka kwapa hadi kwapa akiwa amesimama mikono chini, kisha mwambieni aishike mikono ya baiskeli, au apige makofi kama mwanakwaya wa Jumapili. Mgongo unapanuka kwa sentimita kadhaa. Kitambaa cha nje kinavumilia, kwa sababu sufu au pamba nzito ina kunyumbuka kwake, hasa ikivutwa kwa mshazari. Bitana tunayoipata sokoni, ile taita laini ya poliesta, haina huruma hiyo. Nyuzi zake ni nyembamba na zinateleza, kwa hiyo ikivutwa haichaniki ghafla. Kwanza nyuzi zinaanza kuhama kwenye mshono, unaona vitundu vidogo vimejipanga kama ngazi nyuma ya kwapa, halafu siku moja mshono unaachia. Mteja analaumu uzi. Uzi hauna hatia.

Dalili nyingine hujitokeza nje, na hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa kuwa humchafulia fundi kazi aliyoifanya vizuri. Bitana fupi au nyembamba huvuta koti zima kuelekea ndani: pindo la nyuma linapanda juu, shingo inasogea mbali na kola ya shati, kingo za mbele zinajikunja. Anayetazama husema kitambaa ni duni. Avue koti, afungue mshono wa bitana mgongoni, alivae tena: kitambaa kile kile kitashuka mahali pake.

Ushahidi hauko mbali. Nendeni sokoni kwenye mitumba, mfungue koti lolote la kiume lenye bitana nzima mgongoni, mtie mkono katikati. Mara nyingi rinda lipo, limeshonwa juu karibu na shingo na kuachwa huru kushuka chini. Watu wale wale wanaosema koti la mtumba "limekaa vizuri kuliko la fundi wetu" hawajawahi kuligeuza nje ndani kuona kwa nini.

Huenda tabia hii ya kukata bitana bila rinda ina historia pia. Tangu mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipopiga marufuku suti na tai, mpaka marufuku hiyo ilipoondolewa 1990, koti la heshima katika Zaire lilikuwa abakosti. Nyingi zilishonwa kwa mikono mifupi na kitambaa chepesi, na koti la namna hiyo hukaa bila bitana. Sisemi mafundi wa wakati ule hawakujua bitana. Walikuwepo waliozishona kwa ufundi wa kutisha. Ila ni rahisi kizazi kikashika umbo la nje la koti na kupokea ya ndani nusunusu.

Basi tuzungumze kazi yenyewe. Tuchukue koti sahili, lisilo na kola, la mtu mwenye kifua cha sentimita 100. Tuseme nusu ya mgongo ina sentimita 27, na upande mmoja wa mbele una 30 kutoka ukingoni hadi mshono wa ubavuni.

Rinda halihitaji karatasi mpya. Kunja kitambaa cha bitana mara mbili, weka karatasi ya mgongo, lakini isiguse mkunjo: isogeze mbali nao sentimita 2.5. Ukikata, mgongo mzima umeongezeka sentimita 5. Kisha shona kwenye mstari wa katikati wa asili, kutoka shingoni kushuka sentimita 6 hivi, na tena sentimita 5 kule chini penye pindo. Katikati yote piga bandi ya nyuzi ndefu, laza rinda upande mmoja, tia pasi. Kwa sababu juu limeshonwa, shingo ya bitana inabaki na kipimo chake na itakutana na ukanda wa shingo bila ugomvi.

Najua jibu linalokuja: kitambaa kinaongezeka, na bei inapanda. Hapana. Bitana ya upana wa sentimita 140 ikikunjwa inakuwa 70. Mgongo wetu pamoja na rinda na akiba ya mshono unachukua 31, mbele inachukua 25, jumla 56. Zinabaki 14 ambazo zingeishia kwenye gunia la vipande. Fundi anayetoza nyongeza kwa ajili ya rinda hili anatoza hewa.

Hiyo 25 ya mbele nimeitaja makusudi, maana hapo ndipo hata mwenye rinda huangukia. Mbele ya koti kwa ndani haianzi na bitana. Inaanza na ukanda wa kitambaa kile kile cha nje, unaoshuka kifuani na kuzunguka shingo, ili koti likifunguka mtu asione taita. Tuseme mshono wa kuunganisha ukanda na bitana uko sentimita 8 kutoka ukingoni. Ukanda ukatwe 9.5, yaani 8 na akiba ya 1.5. Bitana nayo ianze kukatwa kwenye 6.5, ili nayo iwe na akiba yake. Ukitoa 8 kwenye 30 unabaki na 22, na akiba za pande mbili zinafanya 25. Fundi mwenye haraka hukata vyote viwili kwenye mstari wa 8. Amepoteza sentimita 3 kila upande, sita kwa jumla, na rinda lake la sentimita 5 limemezwa kabla koti halijavaliwa. Baadaye anasema, "Niliweka rinda, halikusaidia."

Unaposhona ukanda kwenye bitana, acha sentimita 5 za chini bila kushonwa. Utazihitaji ukifika kwenye pindo. Akiba ilale upande wa bitana. Sasa una koti la ndani kamili, na unaliunganisha na la nje, uso kwa uso, kuzunguka mbele na shingo. Punguza akiba, ya ukanda iwe fupi kuliko ya nje, kata vijichongo kwenye mviringo wa shingo. Kisha shona akiba zote juu ya ukanda, milimita 2 kutoka kwenye mshono, hadi cherehani itakapofika. Mshono huo hauonekani nje, lakini usipokuwepo ukanda utachungulia kila mtu anapoinama.

Koti likishonwa hivyo, litageuzwaje? Hapa nako kuna imani ndogo ya pembeni, kwamba mwanya wa kugeuzia uachwe kwenye pindo la chini, halafu ufungwe kwa mkono. Siipendi. Pindo ndiyo sehemu inayobeba uzito na inayotazamwa. Mwanya uwe kwenye mshono wa ndani wa bitana ya mkono wa kushoto, katikati ya urefu wake, sentimita 20, na cherehani irudi nyuma mara mbili kila mwisho. Ukiwa na sufu nzito, weka 25. Ukiubana ukawa 10 ili uwe na kidogo cha kufunga, utalivuta koti zima kupitia hapo na ncha zake zitachanika mpaka kwapani.

Kupitia mwanya huo ndipo unaposhona ncha za mikono. Usiziunganishe kwa kukisia. Geuza koti upande wa kuvaliwa, nyoosha mkono, kutanisha mshono wa bitana na mshono wa nje, tia pini, ndipo uingize mkono kwenye mwanya na kuivuta ncha hiyo nje. Asiyefanya hivyo hugundua bitana imejisokota mara moja mkononi, na mteja hawezi kupitisha kiganja.

Kuhusu pindo niseme machache. Bitana ikatwe iishie sawa na urefu wa koti lililokamilika, siyo juu yake. Kitambaa cha nje kikikunjwa sentimita 4 na mshono ukichukua sentimita 1, bitana inakuwa na ziada ya 2 ambayo inajikunja yenyewe na kuning'inia juu ya pindo. Hilo nalo watu huliita uzembe. Ni rinda lile lile, limelazwa kwa mapana.

Ukimaliza, funga mwanya kwa mshono wa ukingoni, tia pasi ya mwisho. Kwa wanaotumia pasi ya makaa, ambayo haina kipimo cha joto, jaribuni kwanza kwenye kipande kilichobaki, maana taita ya poliesta huyeyuka na doa lake halitoki.

Rinda halihitajiki kila mahali. Bitana inayonyumbuka inaweza kuishi bila hilo, na bitana yenye pamba ndani ikikunjwa itatengeneza kibiongo. Koti ambalo bitana yake inaishia mabegani nalo halina haja. Lakini makoti hayo si mengi katika foleni za mafundi wetu kila mwezi wa Juni na Julai, asubuhi za Kamina zinapokuwa na baridi na kila mtu anataka koti zito lenye bitana nzima.

Na jambo la mwisho kwa mteja. Unapochukua koti, usiulize kama bitana imenyooka. Livae, jikumbatie kwa nguvu, mikono ifike mabegani, na usikilize. Kisha livue utazame mgongoni: ukiona bandi bado imo kwenye rinda, mwambie fundi aitoe mbele yako. Wapo wanaoiacha makusudi ili usione mkunjo, na rinda lililofungwa kwa bandi ni sawa na kutokuwa na rinda.