Ngazi Isiyopandwa na Wote

Aghalabu historia ya maandishi huelezwa katika mihadhara yetu kama ngazi: chini vipande vya kuhesabia, juu yake picha, kileleni alama za sauti. Kisha hudhaniwa kwamba kila jamii iliyobuni maandishi ilipanda vidato hivyo hivyo, na isiyoandika ilikwama njiani. Siafiki. Kidato cha kwanza ni cha Mesopotamia tu. Kinachowaunganisha wabunifu wote ni kile cha mwisho.

Denise Schmandt-Besserat alionyesha jinsi watu wa Mashariki ya Kati, kuanzia takriban mwaka 8000 K.K., walivyohesabu mali kwa vipande vidogo vya udongo: koni, tufe, visahani. Kufikia takriban 3500 K.K., vipande vya hesabu moja vilikuwa vikifungiwa ndani ya mpira wa udongo ulio wazi ndani. Aliyetaka kuhakiki hesabu ilimbidi auvunje. Kwa hiyo baadhi ya makarani walivibonyeza vipande juu ya udongo mbichi, vikaacha alama nje. Alama zikiwapo nje, vya ndani ni vya nini? Mpira ukawa kibao.

Kwamba tarakimu zilizaliwa hivyo ni hoja yenye nguvu. Picha ni suala jingine. Ni kweli kisahani chenye msalaba kinafanana na alama ya kondoo katika vibao vya Uruk vya takriban 3300 K.K., lakini alama nyingi za vibao hivyo hazina kipande kinacholingana nazo.

Isitoshe, picha hizo zilikuwa bado hazijawa lugha. Kibao chenye alama za kondoo wawili na hekalu hakisemi iwapo kondoo walitolewa au walipokewa. Mageuzi yalitokea karani alipoiazima picha kwa ajili ya sauti yake. Katika Kisumeri, mshale uliitwa *ti*, na *ti* pia ni uhai. Uhai hauchoreki, mshale wachoreka. Mbinu hii ilifaa hasa kuandika majina ya watu, ambayo daftari la mali haliwezi kuyakwepa. Ni kana kwamba sisi tungemchora paa wa mwituni tukimaanisha paa la nyumba, au kitendo cha kupaa.

Sasa tuitazame China. Maandishi yake ya kale tunayoweza kuyasoma, ya takriban 1200 K.K., yamechongwa kwenye mifupa na magamba ya kobe, nayo ni ya ramli, si ya hesabu za kondoo. Hata hivyo, kitenzi ‘kuja’ kiliandikwa kwa picha ya ngano, kwa kuwa maneno hayo mawili yalikaribiana kisauti. Wamaya nao, ng’ambo ya bahari, waliandika zaidi kuhusu watawala na kalenda. Jina la Pakal, aliyetawala Palenke kuanzia mwaka 615 hadi 683, lina maana ya ngao. Makarani wake mara walichora ngao, mara waliliandika kwa silabi: *pa*, *ka*, *la*.