Familia isomewe uamuzi kwa sehemu zake

Mhariri,

Huku Sultan Hamud, familia ikipewa uamuzi wa uchunguzi wa kifo hutafuta neno moja tu: nani alaumiwe. Naomba wanaowasomea waanze kwingine.

Chukua uamuzi kuhusu Mtoto Pendo wa Kisumu, uliosomwa Februari 2019. Chanzo cha kifo ni jibu la daktari: jeraha la kichwa lililotokana na kupigwa kwa kitu butu. Jibu hilo halisemi nani alipiga. Jibu la swali hilo hakimu alilitafuta kwa mashahidi, akaridhika kwamba mtoto aliumizwa polisi walipovamia nyumba za Nyalenda usiku mmoja wa Agosti 2017, na kwamba makamanda watano waliwajibika. Huo ndio ukweli uliothibitishwa, na familia ielezwe ni ushahidi upi ulioaminiwa.

Kisha hakimu akapeleka suala kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hapa ndipo wafiwa huumia zaidi, wakidhani mtu ameshahukumiwa. Uchunguzi wa kifo haumfungi mtu. Chini ya kifungu cha 387 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, hakimu akiona mtu anayejulikana ametenda kosa hutakiwa kuagiza aletwe mahakamani, lakini hatia huamuliwa katika kesi nyingine. Kwa Pendo, mashtaka yalikuja kutangazwa mwaka 2022.

Anayewafafanulia wafiwa awaandikie pia, kwa Kiswahili au Kikamba, pendekezo la hakimu limepelekwa ofisi gani, ili wajue pa kuuliza.

Msomaji,
Sultan Hamud