Swali Lisilojibiwa kwa Kunakili Mshororo

Mitihani yetu ya ushairi imezoea kumlipa mtahiniwa kwa kazi ya mpiga chapa. Tunamwuliza nafsineni anahisi nini, naye anachukua mshororo wenye neno la huzuni, anauhamishia kwenye karatasi, anatanguliza maneno "hii ni kwa sababu", kisha tunampa alama mbili. Hatujui kama ameelewa. Tunajua tu kwamba ana macho na ana kalamu. Hoja yangu ni kwamba kosa haliko kwa mwanafunzi. Liko kwa mtungaji wa swali, na linaweza kurekebishwa kabla karatasi haijafika darasani.

Nitumie ubeti nilioutunga kwa ajili ya makala haya, ili tuone jambo lenyewe likifanyika:

Mgeni alipokuja, bomba lilitoa maji,
Tukaimba kwa umoja, kumsifu mfariji,
Haikwisha siku moja, twamlipa mchotaji,
Ewe mgeni karibu, kila siku twakungoja.

Swali la kwanza ambalo mtungaji mwenye haraka angeliandika ni hili: "Kwa nini nafsineni anamngoja mgeni?" Linaonekana kuwa swali la kufikiri kwa sababu lina maneno "kwa nini". Lakini jaribu kulijibu kwa mshororo mmoja tu. "Kwa sababu mgeni alipokuja, bomba lilitoa maji." Msahihishaji hana njia ya kuikataa alama. Jibu limo ubetini, limeandikwa, limekaa likisubiri kuchukuliwa. Neno la kuulizia halilifanyi swali kuwa la kina. Kinacholifanya liwe la kina ni mahali jibu linapoishi.

Kwa hiyo jaribio langu la kwanza ni hili: baada ya kutunga swali, chukua kila mshororo wa dondoo na uuandike kama jibu, mmoja baada ya mwingine. Ukiupata hata mmoja unaokulazimisha kutoa alama zote, swali hilo ni la kutafuta, si la kufasiri. Fanya hivyo pia kwa kubadilisha maneno kwa visawe, maana mwanafunzi aliyezoezwa kuandika ubeti kwa lugha ya nathari ataandika "mfereji ulitiririka" badala ya "bomba lilitoa maji", nasi tutadhani amefikiri.

Dawa yake ni kuuliza juu ya uhusiano wa mishororo miwili badala ya yaliyomo katika mmoja. Tazama: "Mshororo wa tatu unabadilisha vipi maana ya sifa zinazotolewa katika mshororo wa pili?" Hakuna mshororo unaosema kwamba sifa zile zilikuwa za mapema mno, au kwamba mfariji hakufariji. Mwanafunzi anapaswa kuiweka shangwe ya jana kando ya malipo ya leo, kisha aseme mwenyewe kinachotokea pale zinapokutana. Akinakili yote miwili, atakuwa ametuonyesha vifaa bila kujenga nyumba.

Swali la pili ninalolipenda zaidi linatafuta kile ambacho ubeti umekinyamazia: "Je, shida ya maji inayozungumziwa imeletwa na ukame? Jenga hoja kwa mambo mawili yaliyomo ubetini." Ubeti hautaji mvua wala jua. Hata hivyo, bomba lilitoa maji siku maalumu, na kabla siku haijaisha watu walikuwa wanamlipa mchotaji. Basi bomba lipo na ni zima, na maji ya kulipitisha yalipatikana palipokuwa na wa kuonyeshwa. Kinachokosekana si mvua. Mwanafunzi anayefika hapo amesoma siasa ya ubeti bila kuambiwa kwamba ni ubeti wa siasa.

Lakini mtungaji aangalie mpaka. Swali la "Nani aliyefunga bomba?" lingekuwa la kuonea, kwa kuwa ubeti hautoi ushahidi wowote wa kumtaja mtu. Kufasiri ni kufika mahali ambapo maneno yanatupeleka. Kubuni ni kuendelea kutembea baada ya njia kwisha. Swali lisilojibika kwa kunakili lazima bado lijibike kwa maandishi.

Hapo ndipo linapokuja jaribio la pili, ambalo ni kinyume cha la kwanza: mpe swali mtu ambaye hajausoma ubeti. Tukiuliza, "Shairi hili linaonyesha tabia gani za viongozi?", msomaji yeyote wa magazeti atajaza ukurasa. Jibu haliwezi kunakiliwa, ni kweli, lakini pia halihitaji shairi. Swali zuri linashindikana kwa mwenye mishororo tu bila fikra, na linashindikana vilevile kwa mwenye fikra tu bila mishororo.

Najua pingamizi la wasahihishaji, nalo ni la haki. Nukuu ni rahisi kusahihisha: ipo au haipo. Fasiri inaweza kupewa alama nne na mmoja na alama moja na mwingine. Jibu la pingamizi hilo ni kuandika mwongozo unaogawa alama kwa kazi iliyofanywa, si kwa msimamo uliochukuliwa. Chukua swali la alama nne: "Ukaribisho katika mshororo wa mwisho ni wa dhati au ni wa kejeli? Tetea jibu lako." Alama moja ni ya msimamo ulio wazi, moja ni ya ushahidi kutoka ubetini, na mbili ni za kueleza jinsi ushahidi huo unavyoubeba msimamo.

Sasa tusahihishe majibu matatu. Wa kwanza anasema ni kejeli, kisha ananakili mshororo wa tatu na kunyamaza: alama mbili. Wa pili anasema ni kejeli kwa sababu viongozi hawajali wananchi: alama moja, kwa kuwa amesema jambo analolijua tangu nyumbani. Wa tatu anasema ni ukaribisho wa dhati. Anaeleza kwamba watu hawa wamejifunza, kwa maji ya siku moja na malipo yaliyofuata, kuwa ziara ndiyo njia pekee ya kupata huduma. Hivyo wanamngoja mgeni kwa moyo wote, na aibu inabaki kwa utaratibu uliowafikisha hapo. Huyo apewe nne, hata kama aliyeandika mwongozo alikuwa upande wa kejeli. Mwongozo usioweza kumpa nne umeandikwa kulinda tafsiri ya mtu mmoja.

Sisemi maswali ya kutafuta yafutwe. Anayeshindwa kuona kwamba maji yalitoka hawezi kuuliza kwa nini yalikatika. Katika swali la ushairi la alama 20, alama tano au sita za kutafuta zinatosha kuwa ngazi ya kupandia. Ubaya ni pale ngazi inapogeuka kuwa nyumba.

Wengi tunaowasomesha leo watakuwa maofisa watakaoletewa taarifa isemayo kwamba mradi ulizinduliwa na maji yalitoka. Sentensi hiyo itakuwa ya kweli, na itanukuliwa kutoka meza hadi meza. Atakayeuliza maji yalitoka kwa siku ngapi, na nani anamlipa mchotaji sasa, atakuwa yule aliyewahi kuulizwa swali ambalo jibu lake halikuwa limeandikwa.