Biashara imelegea? Mwandikie mwenye fremu kabla kodi haijaisha

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, hasa mliopanga fremu Mbulu na Hanang' kuhifadhi mzigo na kupokelea wateja, leo naongelea kodi. Wengi wetu biashara ikilegea tunamkwepa mwenye fremu, simu hatupokei. Kwa maoni yangu, barua moja fupi, ikienda mwezi mmoja kabla kodi haijaisha, inasaidia zaidi.

Kwanza ijue sababu ya biashara kulegea. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang' vikaingia Katesh, hadi madukani na sokoni. Hasara ya namna hiyo haifidiwi na msimu, kwa hiyo unaomba kodi ipungue kweli. Lakini kama wateja wako ni wakulima na wanasubiri mavuno, hela itakuja. Hapo omba nafuu ya miezi michache tu.

Pili, linganisha miezi ileile. Ukimwekea Machi ya mwaka huu na Agosti ya mwaka jana, mzee wa hapahapa atakuona mjanja, maana msimu anaujua kuliko wewe. Na mwonyeshe faida, usimwonyeshe mauzo peke yake.

Tuseme fremu ni 120,000 kwa mwezi na kodi inaisha mwisho wa Februari. Mwanzoni mwa mwezi huo andika hivi:

"Mzee wangu, shikamoo.

YAH: KUOMBA MAZUNGUMZO KUHUSU KODI YA FREMU

Husika na mada tajwa hapo juu. Novemba hadi Januari ya mwaka jana nilibaki na faida ya 960,000 kabla ya kutoa kodi. Miezi hiyohiyo safari hii nimebaki na 570,000. Daftari na miamala ya simu ninavyo, nitakuonyesha. Naomba tuzungumze ili Machi hadi Juni nilipe 80,000 kwa mwezi, na kuanzia Julai nirudi 120,000. Naomba unipangie siku ya kuonana."

Hapo hujagoma kulipa wala hujatishia kuhama. Umeomba 160,000 kwa jumla, na mwisho wake umeutaja. Yeye atapiga hesabu mwenyewe: ukiondoka na fremu ikakaa tupu miezi miwili, amekosa 240,000.

Ila kama fremu iko stendi na watu wanaipigia foleni, hesabu hiyo haimtishi. Akikataa kupunguza, omba ulipe miezi mitatu mitatu badala ya sita. Kodi ni ileile, ila hela ya mzigo inabaki mkononi.

Akikubali, msiishie kupeana mikono. Andikeni kiasi, mwezi wa kuanza na wa kuisha, wote wawili msaini, kila mmoja abaki na nakala. Julai ikifika bila karatasi hiyo, anaweza kukudai ile 160,000 kama deni, na huna cha kumwonyesha.