Kidonge Si Ngao ya Ini

Kumezuka mtindo miongoni mwa vijana wetu. Mtu akikusudia kunywa, kwanza hupitia dukani akanunua vidonge vya vitamini B, au vile viitwavyo vya hangova, akavimeza akajiona amevaa ngao. Hukumu ya kileo tunaijua sote tangu chuoni, wala sikushika kalamu kuifasiri. Ninachokipinga ni hiyo ngao.

Pombe ikisha kuingia damuni, ini ndilo lichukualo sehemu kubwa ya kazi ya kuivunja. Kwanza huigeuza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu kali kuliko pombe yenyewe, kisha hiyo nayo huigeuza kuwa kitu chepesi, jamaa ya siki. Kazi hii ina mwendo wake, kadiri ya gramu 7 au 8 kwa saa, na vitamini haiuhimizi. Haya, tupige hesabu. Chupa ya bia ya nusu lita, yenye nguvu ya asilimia 4 na ushei, ina gramu zipatazo 17 za kileo. Aliyeanza saa mbili za usiku akamaliza chupa nne amejitwika gramu 68. Ini litahangaika nazo saa tisa, na mwadhini wa alfajiri huenda akalikuta bado kazini. Kidonge kilichomezwa magharibi hakikupunguza hata gramu moja ya mzigo huo.

Watetezi wake huuliza: mbona hospitali huwapa walevi vitamini B? Ni kweli, huwapa. Ni B1, yaani thiamini, mara nyingi kwa sindano, kwa kuwa mlevi wa miaka hali vizuri na matumbo yake hayaifyonzi sawasawa. Akiikosa, ubongo hudhurika: macho huchezacheza, miguu hupepesuka, akili huvurugika. Basi dawa ile ni ya ubongo wa aliyepungukiwa, si ya ini. Kijana aliyeshiba samaki na maharagwe kwa mamake hana upungufu huo. B1 iliyozidi huitoa mkojoni, na fedha zake pamoja nayo.

La kuogopesha zaidi ni pale anapoamka hana maumivu ya kichwa, akasema kidonge kimefaa. Kichwa si kipimo cha ini. Nyama ya ndani ya ini haina hisi ya maumivu, kwa hiyo hujaa mafuta kimyakimya na mwenyewe yuko barazani anacheka. Macho kuwa manjano na tumbo kujaa maji huja baadaye sana, mara nyingi ini likiwa limekwisha kushika makovu. Na anayeongeza parasetamoli asubuhi ajue kwamba ini hilohilo ndilo liivunjalo. Kwa mnywaji wa kila siku, kupita kipimo kwaweza kuliangamiza.

Mafuta yale, kabla ya makovu, aghalabu huondoka kwa wiki chache tu chupa ikiwekwa kando.