Kiinua mgongo: kwa nini bosi anagawa kwa 30 na sheria inasema 26?

Leo naomba tuongelee ile bahasha anayopewa mtu siku anaambiwa "kazi basi". Hapa Chekereni wengi wanajua hesabu za magunia ya mpunga kuliko wino, lakini bahasha ikija wanapokea tu, wanasaini, wanaondoka. Ngoja tuifungue.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanaviita jina moja. Kuna kiinua mgongo cha sheria, kilichopo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Na kuna kiinua mgongo cha mkataba, ambacho kipo tu kama mliandikiana. Michango yako ya NSSF ni kitu cha tatu, haihusiani. Bosi akikwambia "hela yako iko NSSF", hajajibu swali.

Cha sheria kinasema hivi: umefanya kazi miezi 12 mfululizo au zaidi, na mwajiri ndiye kakuachisha, basi unalipwa angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Ukiwa na miaka 15 inahesabiwa 10 tu.

Sasa mfano, nimeutunga ili tuelewane. Jamaa anaendesha mashine ya kukoboa mpunga, siku 6 kwa wiki. Kaanza Machi 2017, kaachishwa mwisho wa Novemba 2024 kwa sababu kazi imepungua. Kila mwezi anapokea 340,000, lakini ndani yake msingi ni 260,000. Zilizobaki ni posho ya nyumba na nauli.

Miaka iliyokamilika ni 7. Ile miezi ya juu haihesabiwi, hata ikikaribia mwaka. Posho nazo zinatoka, maana sheria inasema mshahara wa msingi. Halafu tunatafuta mshahara wa siku moja, na hapa ndipo watu wanapigwa.

Sheria inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 (wiki za mwezi mmoja), kisha kwa siku unazofanya kazi kwa wiki. Kwa siku 6 inatoka 26. Kwa hiyo 260,000 gawa kwa 26 ni 10,000 kwa siku. Zidisha kwa 7, halafu kwa miaka 7: ni 490,000.

Bosi akigawa kwa 30, jamaa anapata kama 424,700. Zaidi ya elfu 65 zimeyeyuka na hakuna aliyegombana. Akitumia mshahara wa kuanzia, tuseme 182,000, inashuka mpaka 343,000. Mshahara unaotumika ni ule wa msingi aliokuwa nao ajira inakoma. Ndiyo maana ile hati ya mshahara ya mwezi wa mwisho usiitupe.

Tukumbuke pia, hiyo 490,000 ni kiinua mgongo peke yake. Siku alizofanya kazi bila kulipwa, likizo anayodai na malipo ya notisi kama hakupewa vinahesabiwa pembeni.

Upande wa mkataba, kila kitu kipo kwenye maneno. Tuseme miaka miwili, asilimia 10. Mwaka wa kwanza msingi 220,000, wa pili 260,000. Ikiandikwa "ya mishahara yote ya msingi uliyolipwa" unapata 576,000. Ikiandikwa "ya mshahara wa mwisho kwa kila mwezi wa mkataba" unapata 624,000. Na mkataba wa muda ukiisha wenyewe, cha sheria hakipo. Kama hamkuandika kitu, unaondoka bila.

Mitego mingine ni miwili. Ukifukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, cha sheria hupati. Na ukiandika barua ya kuacha kazi mwenyewe, hupati pia. Sasa jiulize kwa nini bosi anakubembeleza, "andika tu barua tuachane vizuri". Usisaini barua ambayo sababu yake si yako.

Kama bosi anabisha kwamba hamna mkataba, usikate tamaa. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wake, na akishindwa kuleta maandishi mbele ya shauri, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), Moshi mjini. Unapinga kuachishwa kwenyewe? Una siku 30. Madai mengine kama haya ya malipo ni siku 60. Wengi wanakaa miezi wakisubiri "njoo wiki ijayo", muda unaisha.

Naomba kuwasilisha. Mliowahi kupokea bahasha, bosi wenu aligawa kwa ngapi? Mwageni hapo chini.